Pawatila ya Milioni 12 Inayolipiwa Karibu Milioni 16

Pawatila mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kutoka dukani siku moja, moja ikienda kwa mkulima aliyelipa fedha taslimu, nyingine kwa mkulima aliyelipa kianzio tu na kusaini mkataba wa kumalizia kwa awamu. Zote zitalima majaruba ya mpunga ya bonde la Usangu, zote zitafungwa tela na kusomba magunia, na zote zitachakaa kwa mwendo uleule. Lakini kwenye daftari la hesabu mkulima wa kwanza ana jambo moja la kuandika siku ya kununua, na wa pili ana miaka mitatu ya kuandika. Akikosea siku ya kwanza, faida atakayoisoma kila mwisho wa mwaka haitakuwa ya kweli.

Kosa hilo ni rahisi kufanyika kwa sababu mkataba wa aina hii hubeba mambo mawili katika karatasi moja: ununuzi wa mashine, na mkopo wa fedha za kuinunulia. Kazi yote ya kihasibu ni kuyatenganisha mambo hayo mawili, kisha kila moja kulipeleka kwenye mwaka wake.

Chukua mkulima wa Mbarali, mkoani Mbeya, anayechukua pawatila tarehe 1 Julai 2022. Bei taslimu ni shilingi 12,000,000. Siku hiyohiyo analipa kianzio cha shilingi 2,900,000. Kilichobaki atakilipa kwa marejesho matatu ya shilingi 4,320,000 kila moja, tarehe 30 Juni ya mwaka 2023, 2024 na 2025, wakati mpunga umeshavunwa na wanunuzi wameshapita. Tarakimu hizi zimetungwa ili hesabu ionekane wazi, ila umbo lake ndilo umbo la mikataba ya kila siku.

Marejesho matatu yanafikia shilingi 12,960,000. Ukiongeza kianzio, mkulima atakuwa ametoa shilingi 15,860,000 kwa mashine ya milioni 12. Tofauti ni shilingi 3,860,000, nayo ni riba. Ni bei ya kupewa muda.

Mali ya nani?

Kisheria, mkulima huyu bado hajanunua kitu. Katika ununuzi wa kukodi, mashine hubaki mali ya muuzaji mpaka rejesho la mwisho lilipwe. Mpaka siku hiyo mkulima ni mpangaji mwenye haki ya kuja kuwa mmiliki. Msingi huo uliwekwa imara Uingereza mwaka 1895, katika kesi ya Helby na Matthews iliyofika Baraza la Malodi. Mtu mmoja alikodi piano kwa malipo ya miezi 36, ambayo yangekamilika ingekuwa yake, lakini katikati ya safari akaiweka rehani kwa mkopeshaji. Malodi walisema hakuwa na uwezo huo: alikuwa na haki ya kununua, hakuwa amefungwa kununua, na kwa hiyo piano ilirudi kwa mwenyewe. Sheria za ununuzi wa kukodi za Afrika Mashariki zilizotungwa baada ya uhuru zilijengwa juu ya fikra hiyohiyo.

Mtu makini atauliza basi: kama mashine si ya mkulima, kwa nini iandikwe kwenye vitabu vyake? Hapa uhasibu unaachana na sheria kwa makusudi. Mhasibu hatazami jina lililo kwenye hati, anatazama ni nani anayeitumia mashine, nani anayepata faida ya kazi yake, na nani anayeumia ikiharibika shambani. Majibu yote matatu ni mkulima. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya Tanzania ilivikubali tangu mwaka 2004, vinamtaka mtumiaji wa mashine ya namna hii aiandike kuwa mali yake tangu siku anayokabidhiwa, na papo hapo aandike deni analodaiwa. Kiwango cha zamani cha IAS 17 kilisema hivyo, na IFRS 16 iliyochukua nafasi yake tarehe 1 Januari 2019 haikubadilisha jambo hilo kwa mikataba inayoishia kwenye umiliki.

Siku ya kwanza

Kwa hiyo tarehe 1 Julai 2022 leja ya mkulima inapokea maandishi matatu. Akaunti ya mashine inapanda kwa shilingi 12,000,000 upande wa debiti. Akaunti ya benki inapungua kwa kianzio cha 2,900,000. Akaunti ya muuzaji, ambaye sasa ni mdai, inaandikwa krediti ya shilingi 9,100,000.

Maandishi hayo yanastahili kutazamwa vizuri kwa sababu ya kile kisichokuwamo. Riba ya shilingi 3,860,000 haionekani popote. Haimo kwenye thamani ya mashine, haimo kwenye deni. Siku hiyo mkulima hajatumia hata saa moja ya muda anaouziwa, na riba huzaliwa na muda. Kama angeamka kesho yake na kurithi shamba la mjomba, akaenda kulipa deni lote, kiasi cha haki kingekuwa milioni 9 na laki moja.

Wengi huandika mashine kwa shilingi 15,860,000, wakisema ndiyo fedha itakayowatoka. Matokeo yake ni kwamba pawatila yao inaonekana kuwa na thamani kubwa kuliko ya jirani aliyelipa taslimu, ingawa zilitoka ghala moja. Uchakavu nao unakokotolewa juu ya bei iliyovimba, na riba iliyopaswa kuisha ndani ya miaka mitatu inaburutwa mpaka mwaka wa mwisho wa maisha ya mashine. Gharama za kweli za kuifikisha mashine mahali pa kazi, kama nauli ya lori kutoka Mbeya mjini na malipo ya fundi wa kuiunganisha, zinaruhusiwa kuingia kwenye thamani yake. Riba ya mkataba huu haimo katika kundi hilo.

Riba hufuata deni

Swali linalofuata ndilo moyo wa somo lenyewe: shilingi 3,860,000 zigawanywe vipi katika miaka mitatu?

Jibu la haraka ni kugawa kwa tatu, yaani shilingi 1,286,667 kila mwaka. Ni jibu lisilo la haki kwa mwaka wowote. Mwaka wa kwanza mkulima anashikilia milioni 9.1 za muuzaji. Mwaka wa mwisho anashikilia sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Hawezi kuwa anatozwa sawa kwa vitu visivyo sawa. Riba inatakiwa iwe kubwa deni linapokuwa kubwa, na ishuke kadiri deni linavyoshuka, kwa asilimia ileile mwaka baada ya mwaka.

Asilimia hiyo mara nyingi haijaandikwa kwenye mkataba, lakini imejificha ndani ya namba zake. Kuna kipimo kimoja cha kuitambua: ni ile inayofanya deni liwe sifuri kamili siku ya rejesho la mwisho. Mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuitafuta kwa kubahatisha. Akijaribu asilimia 15, ataona deni linaisha kabla rejesho la tatu halijakamilika, dalili kwamba ameweka riba ndogo mno. Akijaribu asilimia 25, baada ya rejesho la tatu bado atadaiwa zaidi ya milioni moja na laki tatu, maana yake amepitiliza. Katikati yake, asilimia 20 inatua palepale. Mwenye kompyuta huandika mstari mmoja kwenye Excel na kupata jibu hilohilo:

```
=RATE(3,-4320000,9100000)
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho moja likiwa na alama ya kutoa kwa sababu ni fedha inayotoka, na ya tatu ni deni baada ya kianzio. Kosa linalorudiwa sana hapa ni kuweka bei taslimu yote ya milioni 12 mahali pa deni. Kianzio kililipwa siku ya kwanza, hakikukaa mkononi mwa mkulima hata usiku mmoja, kwa hiyo hakina riba.

Asilimia ikishajulikana, jedwali linajijaza lenyewe. Mwaka wa kwanza, asilimia 20 ya 9,100,000 ni 1,820,000. Mkulima analipa 4,320,000. Riba inachukua sehemu yake kwanza, na zilizobaki 2,500,000 zinapunguza deni mpaka 6,600,000. Mwaka wa pili riba inakokotolewa juu ya hilo deni jipya, na kuendelea.

| Mwaka unaoishia | Deni mwanzoni | Riba | Rejesho | Deni mwishoni |
|---|---|---|---|---|
| 30 Juni 2023 | 9,100,000 | 1,820,000 | 4,320,000 | 6,600,000 |
| 30 Juni 2024 | 6,600,000 | 1,320,000 | 4,320,000 | 3,600,000 |
| 30 Juni 2025 | 3,600,000 | 720,000 | 4,320,000 | 0 |

Riba za miaka mitatu zikijumlishwa ni 3,860,000, sawasawa na tofauti iliyopatikana mwanzoni. Ndiyo namna ya kujihakikishia kwamba hesabu haijapotea njiani: jumla ya riba irudi ileile, na deni la mwisho liwe sifuri. Zikibaki shilingi chache kwa sababu ya kukadiria desimali, hurekebishwa kwenye riba ya mwaka wa mwisho. Yakibaki maelfu, kuna kosa na litafutwe.

Kabla ya kompyuta kuenea, wahasibu walitumia njia ya mkato inayoendelea kufundishwa vyuoni. Hujumlisha namba za miaka, 3 na 2 na 1, wakapata 6. Kisha mwaka wa kwanza hubeba sehemu tatu kati ya sita za riba yote, wa pili sehemu mbili, wa tatu sehemu moja. Kwa pawatila hii inatoa 1,930,000, kisha 1,286,667, kisha 643,333. Haiko mbali na ukweli, na kwa mkataba mfupi tofauti inavumilika. Kwa mkataba wa miaka mingi au wenye riba kali, tofauti hukua, nayo hukua kwa kurundika riba nyingi mno mwanzoni.

Uchakavu una saa yake

Deni linaisha baada ya miaka mitatu. Mashine haiishi. Hapa watu wengi huteleza kwa kugawanya thamani ya mashine katika miaka ya mkataba, kana kwamba siku ya rejesho la mwisho pawatila inageuka chuma chakavu. Kwa kuwa mkulima ataimiliki mwishoni, uchakavu unapaswa kufuata maisha ya mashine, si maisha ya deni.

Tuseme pawatila itafanya kazi miaka mitano, kisha iuzwe kwa shilingi 2,000,000. Kinachochakaa ni milioni 10, yaani milioni 2 kila mwaka. Basi gharama ya mashine katika taarifa ya faida na hasara ni uchakavu pamoja na riba: shilingi 3,820,000 mwaka wa kwanza, 3,320,000 mwaka wa pili, 2,720,000 mwaka wa tatu, na milioni 2 tu katika mwaka wa nne na wa tano.

Rejesho lenyewe la 4,320,000 halimo katika orodha hiyo, na jambo hili ndilo linalowatatiza wengi waliozoea daftari la fedha iliyoingia na iliyotoka. Kwao, fedha ikitoka ni matumizi. Tuseme kabla ya kuhesabu gharama ya mashine, shamba linaingiza faida ya shilingi 9,000,000 kila mwaka. Anayeandika kila malipo kuwa matumizi atatoa kianzio na rejesho la kwanza, jumla 7,220,000, na kusoma faida ya 1,780,000. Atahuzunika, labda afikirie kuiuza pawatila. Anayetenganisha atasoma faida ya 5,180,000. Mwaka wa nne mambo yanageuka: wa kwanza hana cha kulipa, anasoma faida ya milioni 9 na kuamini mashine ni ya bure, ilhali inazeeka kila msimu na hakuna kilichowekwa mahali pake. Wa pili anasoma milioni 7.

Hiyo haina maana kwamba fedha taslimu isitazamwe. Rejesho la milioni nne na ushee lazima lipatikane ifikapo Juni, na faida nzuri kwenye karatasi haimlipi muuzaji. Mkulima anahitaji taarifa zote mbili, ya faida na ya mtiririko wa fedha, kila moja ikijibu swali lake.

Mizania inasemaje

Mwisho wa mwaka wa kwanza, mizania inaonyesha pawatila kwa thamani ya shilingi 10,000,000 upande wa mali, na deni la muuzaji la shilingi 6,600,000 upande wa madeni. Mwenye haraka angeandika deni la 8,640,000, kwa kuwa yamebaki marejesho mawili ya 4,320,000. Lakini ndani ya kiasi hicho mna 2,040,000 za riba ya miaka ambayo haijafika. Bado hazidaiwi, kama kodi ya nyumba ya mwaka ujao isivyodaiwa leo.

Deni hilo la 6,600,000 linagawanywa tena sehemu mbili, ili msomaji wa mizania ajue lipi liko karibu. Jedwali linasema mwakani deni litashuka kutoka 6,600,000 mpaka 3,600,000. Basi shilingi 3,000,000 ni deni la muda mfupi, na 3,600,000 ni la muda mrefu. Afisa mikopo wa benki anayemtathmini mkulima kwa ajili ya mkopo wa mbolea atazitazama hasa namba hizo mbili.

Vilevile kuna mtego wa tarehe. Katika mfano huu mwaka wa hesabu unaishia siku ileile ya rejesho, bahati ambayo si ya kila mtu. Biashara nyingi hufunga vitabu tarehe 31 Desemba. Kwa mkulima wa namna hiyo, Desemba 2022 inafika hajalipa rejesho hata moja, na kishawishi ni kuandika kwamba hakuna riba. Ukweli ni kwamba ameshakaa na fedha za watu miezi sita. Nusu ya riba ya mwaka wa kwanza wa mkataba, shilingi 910,000, ni ya mwaka wake wa 2022, na inaandikwa kama riba iliyoiva ambayo bado haijalipwa. Mwaka 2023 unabeba nusu iliyobaki pamoja na nusu ya riba ya mwaka wa pili wa mkataba, jumla 1,570,000. Mwaka 2024 unabeba 1,020,000, na 2025 unamalizia na 360,000. Mkataba wa miaka mitatu umegusa miaka minne ya hesabu, na jumla bado ni 3,860,000.

Asilimia ya mdomoni na ya kweli

Jedwali hili lina faida nyingine inayoonekana hata kabla ya kusaini. Muuzaji anaweza kumwambia mteja kwamba riba ni asilimia 14 kwa mwaka, na asiwe amesema uongo wa namba. Amechukua riba yote, akaigawa kwa miaka mitatu, kisha akailinganisha na deni la mwanzo: 1,286,667 kwa 9,100,000 ni kama asilimia 14.1. Anachokiacha ni kwamba deni halikubaki milioni 9.1 kwa miaka yote mitatu. Likipimwa kwa deni lililopo kweli kila mwaka, ni asilimia 20.

Mambo huzidi kubadilika malipo yakiwa ya kila mwezi. Shilingi 4,320,000 kwa mwaka ni 360,000 kwa mwezi, na muuzaji akisema mteja alipe 360,000 kwa miezi 36, jumla ya malipo ni ileile na jumla ya riba ni ileile. Mteja ataona hakuna kilichobadilika. Lakini sasa anaanza kurudisha fedha mwezi wa kwanza badala ya kusubiri mavuno, yaani anakaa na fedha ya muuzaji kwa muda mfupi zaidi na kulipa riba ileile. Mstari wa Excel, `=RATE(36,-360000,9100000)`, unatoa takriban asilimia 2.05 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, riba ikizaa juu ya riba, inavuka asilimia 27. Jumla ya malipo peke yake haiwezi kumwambia mnunuzi mkataba upi ni ghali. Tarehe za malipo zina uzito sawa na viwango vyake.

Rejesho likiwa na bima ndani yake, au ada ya matengenezo, sehemu hiyo itolewe kwanza kabla ya kutafuta asilimia. Bima ni gharama ya mwaka husika, haipunguzi deni na wala si riba. Kuiacha ndani hufanya mkopo uonekane ghali kuliko ulivyo.

Mambo yakienda kombo, au yakienda vizuri

Tuseme msimu wa 2024 maji ya mfereji hayakutosha, mpunga ukanyauka, na tarehe 30 Juni rejesho la pili halikupatikana. Muuzaji anaichukua pawatila na kufuta deni. Vitabu vinasema nini? Mashine imeshachakaa kwa miaka miwili, inasomeka milioni 8. Deni lilikuwa 6,600,000, limeongezeka riba ya mwaka wa pili ya 1,320,000 na kufika 7,920,000. Mkulima anaondoa mali ya milioni 8 na deni la 7,920,000, na hasara ya kunyang'anywa ni shilingi 80,000 tu.

Namba hiyo inashangaza, kwa kuwa mtu huyu ameshatoa 7,220,000 na sasa hana mashine. Hata hivyo fedha zake hazikupotea kwenye vitabu. Milioni 4 ziliandikwa kama uchakavu wa misimu miwili, 3,140,000 kama riba ya miaka miwili, na 80,000 ndiyo hasara ya mwisho. Jumla ni 7,220,000 kamili. Hesabu iliyoandikwa sawa tangu siku ya kwanza hufunga hata mkataba unapovunjika. Mkataba ukimruhusu muuzaji kuiuza pawatila na kudai pengo litakalobaki, pengo hilo nalo litaandikwa kuwa deni, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507, inamlinda mnunuzi wa mikataba inayohusika nayo: akishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, muuzaji hawezi kuichukua mali bila kwenda mahakamani. Kipimo hapo ni bei yote pamoja na riba, si bei taslimu. Kwa mkataba wenye namba kama hizi, theluthi mbili ya 15,860,000 ni takriban 10,573,000. Rejesho la kwanza linamfikisha mnunuzi kwenye 7,220,000; la pili linamfikisha 11,540,000. Kati ya Juni ya kwanza na ya pili ndipo hatari ilipo kubwa.

Upande wa heri, tuseme mavuno ya 2023 yalikuwa mazuri na mkulima, baada ya kulipa rejesho la kwanza, anataka kumaliza deni lote. Akiambiwa alipe marejesho mawili yaliyobaki, 8,640,000, anaombwa kulipia miaka miwili ya muda ambao hautumii. Jedwali lake linasema deni ni 6,600,000. Muuzaji anayetumia ile njia ya mkato ya 3, 2 na 1 atasema 6,710,000, zaidi kwa laki moja na elfu kumi, kwa sababu njia hiyo ilihesabu riba kubwa kuliko halisi mwaka wa kwanza. Kiasi kipi kitalipwa hutegemea kifungu cha kulipa mapema, na mikataba mingine huongeza ada. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kusaini, wakati mnunuzi bado ana nguvu ya kukataa.

Anayetaka kuchukua mashine kwa njia hii, awe mkulima, mshonaji au mwenye mashine ya kukoboa, amwombe muuzaji aandike kwenye mkataba mambo manne: bei taslimu, kianzio, kiasi cha kila rejesho na tarehe zake. Kwa mambo hayo manne jedwali linajengwa jioni moja. Muuzaji asiyekubali kuandika bei taslimu amemnyima mnunuzi uwezo wa kujua riba anayotozwa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda duka la pili.